Barua ya kusomwa msibani, na barua ya kupelekwa nyumbani

"Bwana Yesu asifiwe, mama. Shikamoo. Mimi ni katibu wa baraza la wazee katika usharika mmoja wa KKKT huku mlimani, Moshi. Tumefiwa na mama aliyekuwa akiuza ndizi sokoni Mbuyuni, na ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba. Mumewe ana kiharusi, huu ni mwaka wa nne hawezi kusimama, ila akili yake ni nzima, na ndiye aliyekuwa akiandika hesabu za biashara kwenye daftari. Watoto ni wanne, wote shule za serikali: mkubwa, binti, yuko kidato cha tatu, mdogo darasa la pili. Tunazika Jumamosi. Barua tunayoinakili kila msiba inasema 'mjane na yatima', na mzee mwenzetu mmoja anataka tuongeze kwamba kanisa litawasomesha watoto wote. Mfuko wa diakonia una shilingi 860,000. Kwa mwezi huingia kama 150,000, na familia tatu tunazozisaidia hutumia 90,000. Tuandikeje?"

Marahaba, mwanangu, na Amina. Poleni sana na msiba.

Andikeni barua mbili. Ya kwanza isomwe Jumamosi mbele ya waombolezaji, iwe fupi, na isitaje fedha wala msaada wa aina yoyote. Ya pili mpeleke wenyewe nyumbani matanga yakishaanuliwa, na humo ndimo muandike mtakachofanya, kwa tarakimu na kwa miezi. Nilikuwa katibu wa baraza kwa miaka kumi na minane, na barua za rambirambi nilizoziona zikiumiza watu, karibu zote ziliumiza kwa sababu kazi hizi mbili zilichanganywa kwenye karatasi moja.

Wewe umeshahudhuria misiba mingi, hebu iangalie Jumamosi ilivyo. Kutakuwa na foleni ya salamu: wafanyabiashara wenzake wa sokoni, kikundi chake cha kuweka na kukopa, shule za watoto, ukoo wa mume, ukoo wake alikozaliwa. Kila salamu inakuja na bahasha, na bahasha zote zinapokelewa na kamati ya mazishi. Fedha hizo ni za jeneza, gari, maturubai, chakula na deni la hospitali kama lipo. Ndivyo ilivyo na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa hiyo bahasha ya usharika nayo iingie humo humo, na mtu wenu aione ikiandikwa kwenye daftari la kamati. Ila mjue kwamba hakuna shilingi ya Jumamosi itakayomfikia yule baba Jumatatu ya wiki ya pili, nyumba ikishabaki na watu wake watano. Msaada wa Jumatatu hiyo usiutangaze Jumamosi. Ukitaja kwenye kipaza sauti kwamba kanisa litatoa kiasi fulani kila mwezi, mdai atasikia, ndugu atakayetaka kuzishika fedha hizo "kwa niaba ya mgonjwa" atasikia, na zile familia tatu mnazozisaidia kimyakimya zitasikia na kujipima.

Sasa turudi kwenye barua mnayoinakili. Kubadilisha "mjane" kuwa "mgane" hakutaitibu. Mgane ni neno sahihi la mwanamume aliyefiwa na mke, lakini ni neno la kwenye fomu, na sijawahi kusikia mtu akiitwa hivyo na mtu anayempenda. Mwiteni Baba Fulani, kwa jina la mtoto wake, kama mnavyomwita siku zote. "Yatima" mlifute kabisa. Baba yao yu hai, amelazwa hapo kwenye kiti au godoro mbele ya jeneza la mkewe, naye atasikia kanisa lake likiwaita watoto wake yatima. Sidhani kama kuna neno lingine katika barua nzima litakalomwingia kama hilo.

Liko na la tatu ambalo hukulitaja, lakini najua limo, kwa sababu limo kwenye kila barua ya namna hii: "nguzo ya familia imeanguka". Kwa baba aliyekufa na kumwacha mama mwenye nguvu zake, linapita. Hapa litamwambia yule mgonjwa, mbele ya ukoo wake, kwamba yeye hakuwa chochote katika nyumba yake kwa miaka minne. Kazi ya marehemu isemeni, tena msiipunguze, lakini isemeni kwa matendo aliyoyafanya. Umenipa jambo zuri sana katika swali lako, pengine bila kuona uzito wake, nalo ni lile daftari. Mama alibeba ndizi, baba akaandika hesabu. Basi biashara ile ilikuwa ya watu wawili, na kuisema hivyo ni kusema kweli.

Nadhani barua yenu inafungwa kwa "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Naliheshimu neno hilo, ila fungua Ayubu 1:21 uangalie anayelisema ni nani. Ni Ayubu mwenyewe, aliyefiwa. Wageni wake hawakumwambia hivyo. Sura inayofuata inasema walipofika waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hapakuwa na mmoja aliyemwambia neno lolote, kwa sababu waliona mashaka yake ni makubwa mno. Mwenye msiba akilitamka neno lile mwenyewe, ni imani yake inayosema. Mkimtamkia ninyi mlio wazima, mnamwambia anyamaze. Zaburi 34:18 inafaa zaidi kwa mtu anayeletewa salamu.

Na msiandike alikufa kwa nini. Hata kama kila mtu anajua.

Hii hapa ya Jumamosi. Mambo niliyoyasema juu ya marehemu nimeyakisia ili uone yanakaaje. Kabla ya Ijumaa jioni mzee wa mtaa aende akae na baba na yule binti, aulize mawili au matatu ya kweli, uyaweke mahali pa haya yangu.

Usharika wa …………, Moshi
Tarehe …………

Baba …………, na watoto wetu …………, …………, ………… na …………,

Sisi wazee wa kanisa, pamoja na washarika wa mtaa wa …………, tunalia pamoja nanyi.

Mama ………… tulimjua kwa kazi ya mikono yake. Kabla kengele ya asubuhi haijalia, mikungu yake ya mshare ilikuwa imeshafika barabarani, naye ameketi pembeni akisubiri gari la Mbuyuni. Jumapili hatukumkosa kanisani, na mara nyingi alikuja na kichane kwa ajili ya mgonjwa fulani wa mtaani. Baba, tunajua kwamba kazi ile mliifanya wawili. Yeye alibeba na kuuza, wewe ukahesabu na kuandika, na nyumba yenu ikasimama.

Watoto wetu, mama yenu aliyataja majina yenu katika maombi ya jumuiya kila tulipokutana. Tunawajua mmoja mmoja.

Hatuna maelezo ya kwa nini imekuwa hivi. Tunalishika neno hili pamoja nanyi: "Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo."

Tutakuja nyumbani.

Mwenyekiti wa baraza la wazee …………
Katibu …………

Ni barua ya dakika mbili kwa msomaji asiyekimbia, na muda huo unatosha. Ahadi iliyomo ni moja tu, ile ya kuja nyumbani, na hiyo mnaimudu. Msiweke "Yah:" wala namba ya kumbukumbu kwenye nakala ya familia. Namba iandike kwenye nakala ya jalada la ofisi. Muhuri upigeni, kwa sababu karatasi hii itakaa miaka mingi kwenye sanduku la nyaraka za nyumba hiyo. Majina ya watoto yaandikeni kama wanavyoitwa kanisani, na atakayesoma ayarudie mara tatu kabla ya kusimama. Niliwahi kumsikia msomaji akimruka mtoto mmoja, na yule mtoto akageuka kumtazama shangazi yake kana kwamba anauliza kama na yeye amefiwa.

Tuje kwa mzee wenu anayetaka kuwasomesha watoto wote. Usimpinge msibani na usimwone mkorofi, maana moyo wake uko mahali pake. Nilikuwa na moyo huo huo. Miaka mingi iliyopita, katika usharika niliokuwa nautumikia upande wa Arusha, niliandika kwa mkono wangu kwamba kanisa litawabeba watoto wa marehemu "hadi mwisho wa masomo yao". Ilisomwa, watu wakaitikia Amina, nami nikaona nimeandika vizuri. Hapakuwa na kikao kilichopitisha maneno yale. Miaka mitatu baadaye mama wa watoto wale alikuja ofisini na barua ikiwa kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, muhuri bado unasomeka. Mwanawe wa pili alikuwa anahitaji godoro na vifaa vya bweni. Wazee walikuwa wameshabadilika, mweka hazina mpya hakuikuta ahadi hiyo kwenye muhtasari wowote, na mfuko haukuwa na kitu. Mama yule hakugomba. Alisema tu kwamba kaka wa marehemu alijitolea kumchukua mtoto mmoja mwaka ule, naye akamwambia asijisumbue kwa kuwa kanisa limeshasema. Hapo nilielewa kwamba ahadi yangu ilikuwa imemfungia mlango uliokuwa wazi.

Pigeni hesabu ya ahadi hiyo kwa watoto wenu. Mdogo yuko darasa la pili, kwa hiyo hadi amalize kidato cha nne ni karibu miaka kumi. Nani kati yenu atakuwa barazani wakati huo? Halafu kuna neno "ada" lenyewe. Shule za serikali za msingi na sekondari hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita iliondolewa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Mkitangaza kulipa ada, mtakuwa mmetangaza kulipa kitu kisichodaiwa, na mambo yanayomtoa mtoto shuleni yatabaki bila mwenyewe. Mambo hayo mnayajua: sare na viatu mwezi wa kwanza, madaftari, chakula cha mchana shuleni, nauli kama shule iko mbali. Kwa binti wa kidato cha tatu kuna jambo jingine zito kuliko hayo yote, ambalo ni nani atamgeuza na kumwogesha baba mchana ili yeye awe darasani. Mama alipokuwa hai sijui walijipangaje. Mzee wa mtaa aliulize hili kwa upole atakapokwenda Ijumaa.

Kwa hiyo kikao kikae wiki ijayo. Mwambie yule mzee alete pendekezo lake hapo, lipigiwe hesabu na kuandikwa kwenye muhtasari. Kwa takwimu ulizonipa, mfuko unabakiwa na shilingi 60,000 kwa mwezi baada ya familia tatu. Mkitoa 50,000 kwa miezi sita ni 300,000. Tuseme sadaka ya diakonia ishuke kutoka 150,000 hadi 100,000, kama inavyoweza kutokea miezi ya kulima. Mtapungukiwa 40,000 kila mwezi, yaani 240,000 kwa miezi sita, na mkichota hizo kwenye akiba bado mtabaki na 620,000 kwa ajili ya msiba au ugonjwa utakaofuata. Hiyo ndiyo ahadi mnayoweza kuitimiza hata mwaka ukiwa mbaya. Mkisema 100,000, mwaka mbaya utawaachia akiba ya 320,000 tu, na mkisema "mpaka hali itakapotengemaa", hamtaweza, kwa sababu hakuna anayejua hali hutengemaa mwezi gani.

Kuna msaada wa pili ambao hauli mfuko sana, nao ni cheti cha kifo. Familia nyingi zikishapata kibali cha mazishi hudhani zimemaliza. Kibali kinatosha kuzika tu. Cheti cha kifo, kinachotolewa na RITA, ndicho kitakachotakiwa kwenye mirathi, kwenye akaunti ya benki kama alikuwa nayo, na miaka michache ijayo yule binti akiomba mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo itamtaka cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA. Barua ya kanisa haitachukua nafasi yake. Baba hawezi kwenda ofisi kwa ofisi, na binti bado mdogo kusukumana na dirisha la serikali. Mzee mmoja akifuatana na ndugu atakayechaguliwa na familia, mkalipa nauli, mtakuwa mmefanya jambo ambalo watoto watalihitaji bado mkiwa mmeshasahau.

Mirathi yenyewe msiiguse. Msiandike nani mrithi, nani asimamie kibanda cha Mbuyuni, wala nani awachukue watoto. Karatasi yenye muhuri wa kanisa ikitaja hayo, itainuliwa kwenye kikao cha ukoo kama ushahidi wa upande mmoja, na mchungaji ataitwa aeleze mlikuwa mna maana gani. Na deni la kikundi, kama lipo, halina nafasi kwenye barua.

Hii hapa ya pili.

Baba …………,

Baraza la wazee lilikaa tarehe ………… likakubaliana haya, nasi tumekuja kukuambia wenyewe.

Kuanzia mwezi wa ………… hadi mwezi wa …………, miezi sita, usharika utakuletea shilingi 50,000 kila mwezi. Mzee wa mtaa atazileta Jumapili ya kwanza baada ya ibada na kuziweka mkononi mwako wewe mwenyewe. Tunakuomba uziandike kwenye daftari lako, naye atatia saini.

Mzee ………… atafuatana na ndugu mtakayemchagua kufuatilia cheti cha kifo cha mama. Nauli ni ya kanisa.

Mwezi wa tano wa msaada huu, mwenyekiti na katibu watakuja tukae nawe tuone nyumba inavyokwenda, kabla haujafika mwisho.

Haya hayadaiwi. Ndugu na jirani wakitaka kusaidia pia, wapokeeni.

Mwenyekiti …………
Katibu …………

Sentensi ile ya mwisho kabla ya saini niliiweka kwa ajili ya yule mama wa Arusha. Usiitoe.

Angalia pia kwamba fedha zinapita kwenye daftari lake. Baba huyu ameshika hesabu za nyumba kwa miaka minne, na sasa hana mauzo ya kuandika. Msimpokonye kalamu kwa kumpa fedha binti au shangazi kwa kuwa ni rahisi zaidi. Mkono wake ukichoka, binti aandike naye atazame. Na saini ya mzee wa mtaa kwenye daftari hilo inawasaidia ninyi pia, kwa sababu mwezi ukiruka itaonekana, na mtaulizana mapema badala ya kusikia kwa watu.

Umoja wa wanawake wakitaka kuja kufua au kumhudumia baba siku fulani za wiki, wao wenyewe wakubaliane kwanza nani na siku ipi, ndipo muongeze mstari. Niliona mara nyingi baraza la wanaume wengi likiandika "akina mama watahudumu" bila akina mama kuulizwa. Wiki ya kwanza walikuja saba, ya pili wawili, ya tatu hakuja mtu na mgonjwa akashinda amelala upande mmoja. Na mtu anayekuja kumwogesha mwanamume huyo awe mwanamume. Ulizeni vijana wa kwaya au kaka zake.

Mnapokwenda kuipeleka, nendeni watatu, msizidi. Msomeeni yote polepole, halafu mpeni aisome mwenyewe, maana anajua kusoma na barua ni yake. Nakala iende kwenye jalada ikiwa imebanwa pamoja na muhtasari wa kikao, na ule mwezi wa tano uandike leo kwenye kalenda ya ofisi kwa kalamu nyekundu, pamoja na jina la atakayekwenda, ili hata kama wewe utakuwa umehamishwa, atakayekaa kwenye kiti chako aukute.